Baba mtoto ameniuliza kama dawa ya ADHD ni muguka wa vidonge. Mngemjibu vipi?

Tabibu wa Kisauni

Salaam kwenu nyote. Mimi ni tabibu katika kliniki ya watoto hapa Mombasa, na nimekuja na jambo linalonisumbua tangu Jumatatu.

Kuna mvulana wa miaka 8, darasa la tatu, mwenye kilo 24. Tathmini yake ya ADHD, yaani tatizo la mtoto kushindwa kutulia na kukazia jambo, tumeimaliza: mama na walimu wawili wamejaza fomu, macho na masikio yamepimwa, na wazazi wamehudhuria vikao vya malezi kwa miezi minne. Mwalimu amemhamishia dawati la mbele na kumgawia kazi vipande vipande. Nafuu ipo, lakini ni ndogo, na mwezi uliopita alikatiza barabara kubwa mara mbili bila kutazama huku wala kule. Daktari mshauri amependekeza aanze methilifenideti, na mama amekubali.

Baba, ambaye ni dereva wa tuktuk, alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipotamka kwamba ni dawa ya kuchangamsha ubongo, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo ni muguka wa vidonge?" Nikamjibu kwamba la hasha, hii ni dawa salama kabisa na haina uhusiano wowote na muguka. Akanishukuru, akaniaga kwa adabu, akamshika mtoto mkono wakaenda zao. Hawajarudi.

Naomba mnisaidie: mngemwambia nini mzazi wa namna hiyo?

Mama Daktari

Tabibu, niwie radhi nikisema wazi, maana nawe umeuliza wazi. Jibu lako lilikuwa na sehemu mbili, na zote mbili si za kweli. Hakuna dawa iliyo salama kabisa, na uhusiano na muguka upo. Nadhani baba yule alikusoma usoni akajua kuna jambo unalolifunika.

Ningekuwa mimi, ningemwambia hivi: "Baba, swali lako ni la maana, na sehemu yake ni kweli. Muguka na miraa vina kathinoni, nayo huongeza dopamini katika ubongo, kemikali inayomwezesha mtu kukazia jambo na kulifuata mpaka mwisho. Dawa hii nayo huongeza dopamini. Tofauti ni namna na kiasi. Kathinoni huisukuma dopamini itoke kwa wingi, na mtafunaji hukaa nayo shavuni kwa saa nyingi, hapimi, anaongeza kila ladha inapopungua. Kidonge hiki huizuia dopamini iliyopo isirudishwe ghalani upesi mno. Tunaanza na miligramu 5, kinameng'enywa tumboni polepole, na baada ya saa 3 au 4 kazi yake imekwisha. Kwa kipimo hicho na kwa kumezwa, mtoto hapati ile stimu unayoiona kwa vijana kwenye vibanda."

Kisha ningenyamaza, nimwachie nafasi. Mkumbuke kwamba Mei 2024 kaunti yenu ilitangaza marufuku ya muguka, na maneno yaliyozagaa misikitini, sokoni na redioni kuhusu vijana kuharibika hayajasahaulika. Mzazi wa Pwani anaposikia neno "kuchangamsha" haoni kidonge cheupe, anaona mtoto wa jirani aliyekondeana amejiinamia barazani. Hofu hiyo haiondoki kwa kumhakikishia. Inapungua anapoona kwamba nawe unaijua.

Na ile hofu ya pili, ambayo kwa kawaida hawaitamki, ni kwamba mtoto akianzishwa leo ataishia kwenye unga akiwa mkubwa. Utafiti uliowafuatilia watoto waliotibiwa hadi utuuzima haukuona kwamba dawa hii huongeza matumizi ya mihadarati. Haukuona kwamba inayapunguza pia, kwa hiyo usiiuze kwa ahadi hiyo.

Mzee wa Duka la Dawa

Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka 31, naomba niongeze. Daktari amesema vyema, lakini kuna njia fupi ya kumtuliza huyo baba. Mwambieni kwamba dawa hii ina maajabu yake: humchangamsha mtu wa kawaida, lakini humtuliza mwenye ADHD. Apewe kidonge kimoja tu. Akitulia, baba amepata uthibitisho kwamba mwanawe anaumwa kweli. Akipagawa, basi hana ADHD, dawa inarudishwa na ugomvi umekwisha.

Mama Daktari

Mzee wangu, shikamoo. Hilo nililifundishwa hata mimi chuoni, na walionifundisha walikuwa watu makini. Lakini halisimami. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwapa wavulana wasio na tatizo lolote dozi moja ya dawa ya jamii hii, nao pia walipunguza pilikapilika na wakawa makini zaidi. Kwa hiyo kutulia hakuthibitishi ugonjwa. Na kutotulia nako hakuukanushi, kwa sababu katika watoto 10 wenye ADHD halisi, takriban 7 ndio watakaopata nafuu ya kuonekana kwa dawa ya kwanza watakayojaribu.

Naogopa zaidi jinsi njia hiyo inavyoweza kumgeukia baba. Tukimwambia kidonge ndicho kipimo, na mtoto akachelewa kuonyesha nafuu kwa sababu miligramu 5 hazikumtosha, ataamua kwamba tulimdanganya tangu mwanzo.

Mzee wa Duka la Dawa

Marahaba, mwanangu. Nimekuelewa. Nitayachunguza, ila macho yangu yameona wengi waliotulia.

Baba Pacha

Nimesoma yote nikaona niseme, kwa kuwa mimi ni upande ule mwingine wa meza. Mmoja wa pacha wangu, binti, alitumia dawa hii tangu akiwa na miaka 9. Sitawadanganya kwamba haikufanya kazi. Katika wiki ya pili alikaa akasoma kurasa nne za kitabu cha hadithi bila kuinuka, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, na mama yake alijifungia jikoni akalia.

Lakini chakula cha mchana alikikomesha. Mkoba ulirudi kila siku na chapati imekunjwa vilevile kama ilivyofungwa asubuhi, na maharage yameganda pembeni. Kliniki tuliyokuwa tukienda, sitaitaja, ilituandikia dawa kwa miezi saba bila kumpandisha kwenye mizani hata mara moja. Ni shangazi yake, aliyetoka Tanga kwa harusi, ndiye aliyeuliza kwa nini gauni la mmoja wa pacha linaning'inia. Tulipompima alikuwa amepungua kilo 3, na pacha mwenziwe, ambaye siku zote walilingana, alikuwa amempita kwa kimo. Tukaiacha dawa siku ileile.

Na nimesoma habari za utafiti mkubwa wa Marekani uitwao MTA, uliotangazwa 1999, ambao ndio kila daktari anautaja. Baada ya miaka 3 makundi yote yalikuwa sawa. Basi mtoto adumae kwa faida gani?

Mama Daktari

Baba Pacha, pole sana. Uliyoyaeleza ni kosa la ufuatiliaji, na mlikuwa na haki ya kukasirika. Kuhusu MTA uko sahihi kwa kilichoandikwa. Watoto 579 waligawanywa katika makundi, na katika miezi 14 ya mwanzo waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walifanya vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ilipofika miaka 3, tofauti kati ya makundi ilikuwa imefutika. Ila baada ya ile miezi 14 kila familia ilijiamulia: waliokuwa na dawa wengine waliacha, waliokuwa hawana wengine walianza. Kwa hiyo wapo wanaosema dawa hupoteza nguvu, na wapo wanaosema makundi yalichanganyika. Mimi nawaambia wazazi kwamba faida ya miezi na ya mwaka mmoja tunaijua vizuri, na faida ya miaka mingi hatuwezi kuiapia.

Kimo nacho ni kweli. Katika utafiti huohuo, baada ya miaka 3, watoto walioanzishwa dawa na kuendelea nayo walikuwa wafupi kwa kama sentimita 2 kuliko wenzao wasioitumia. Mzazi anastahili kuisikia namba hiyo kabla ya kidonge cha kwanza, kwa kinywa cha yule anayeiandika dawa, asije akaikuta peke yake usiku kwenye simu.

Tabibu wa Kisauni

Nashukuru, na nakiri kosa langu. Lakini Daktari, nikimwambia baba yule mambo ya kimo, hamu ya chakula, usingizi na moyo kwa mkupuo mmoja, si nitamfukuza kabisa?

Mama Daktari

Ukimtajia orodha, ndiyo, utamfukuza. Mpe ratiba badala ya orodha, ili kila hofu iwe na siku yake ya kupimwa na mtu wa kuipima. Nitaeleza kwa mtoto niliyemwona mwaka jana, wa umri na uzito wa karibu na huyo wako.

Kabla ya kuanza tuliuliza habari za moyo, na hapa kwetu maswali hayo hayatoshi yakiwa ya vitabu vya Ulaya tu. Tuliuliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, na kama mtoto amewahi kuzirai akikimbia. Tukauliza pia kama amewahi kuvimba viungo na kupata homa baada ya kuumwa koo, kwa sababu vali zilizoharibiwa na maradhi hayo bado tunazikuta kwa watoto wa shule. Nilimsikiliza moyo, nikapima presha na mapigo, uzito na kimo, na zote nikaziandika kwenye daftari linalokaa kwa mama. Alikuwa na kilo 24.2, presha 98 kwa 60, mapigo 84. Jibu moja tu la "ndiyo" katika yale maswali, au sauti isiyo ya kawaida kifuani, lingetufanya tusimame mpaka achunguzwe moyo kwanza.

Wiki ya kwanza alipewa miligramu 5 saa 1 asubuhi, baada ya uji na si kabla yake, kwa maana hamu ya kula huondoka dawa inapoanza kazi. Wiki ya pili tukaongeza miligramu 5 za saa 6 mchana. Wiki ya tatu tukapandisha ya asubuhi ikawa 10. Wiki ya nne bibi yake akaja naye kliniki badala ya mama, akaniambia neno ambalo hakuna fomu ingenipa: "Mjukuu wangu amekuwa kama mgeni nyumbani. Anaketi, hacheki, anaangalia vidole vyake." Hiyo ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu mwalimu anaweza kuisifu. Mtoto aliyezubaa si mtoto aliyepona, dozi imempita. Tulirudisha ya asubuhi kwenye 7.5, yaani kidonge cha 5 na nusu yake, na baada ya siku tatu bibi alipiga simu kulalamika kwamba amevunja kikombe kwa kucheza mpira sebuleni. Nilifurahi.

Mizani ilionyesha kilo 23.5 mwezi ule wa kwanza. Hatukuihangaikia sana, ila tulihamisha chakula: uji ukaongezwa karanga na maziwa, mlo mkubwa ukawa wa saa 1 usiku dawa ikiwa imekwisha mwilini, na cha mchana akala alichoweza bila kulazimishwa. Mwezi wa tatu alikuwa na 24. Mtoto wa umri huo napenda apimwe uzito kila miezi mitatu na kimo kila sita, na namba zichorwe kwenye mstari wa ukuaji, kwa maana kilo moja peke yake haisemi kitu, mstari ndio unaosema. Presha na mapigo tunapima kila dozi inapobadilika, kisha kila miezi sita. Yake yalipanda hadi 102 kwa 64 na mapigo 91, kiasi tunachokitarajia.

Lilikuwapo pia jambo la saa 10 jioni, ambapo alikuwa akiangua kilio kwa sababu ndogo kama kalamu kuvunjika. Mama alidhani dawa inamletea huzuni. Kumbe kilio kilikuja kila siku saa ileile, wakati dozi ya mchana inapoisha. Ingekuwa huzuni ya dawa yenyewe, angelia katikati ya asubuhi pia. Tulimpangia asipewe kazi ya shule saa hiyo, ale kitu, acheze nje, na kikapungua.

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Naomba niingie, kwa kuwa kila daktari husema "tutamuuliza mwalimu" na sisi hatuulizwi. Ninao wanafunzi 58. Nikiletewa fomu ya maswali mengi nitaijaza Ijumaa jioni kwa kukisia, huo ndio ukweli. Tabibu mmoja aliwahi kuniomba jambo dogo: nihesabu hesabu ngapi kati ya 10 mtoto amezimaliza kabla ya mapumziko, na kama alikula mapumzikoni. Mistari miwili kwa siku. Hakuniambia dozi imebadilishwa lini. Baada ya wiki nne mama alikuja kunionyesha karatasi yangu mwenyewe imewekwa kando ya tarehe za dozi: wiki ya kwanza 3 na 4, wiki ya tatu 7 na 8. Baba yake, aliyekuwa mkali, aliitazama karatasi ile muda mrefu.

Ila niseme na hili. Mtoto yule alimaliza hesabu zake lakini kusoma bado kulikuwa kugumu, kwa sababu silabi hakuwa amezishika tangu darasa la kwanza. Dawa ilimweka kitini. Kumfundisha kulibaki kwangu, na wazazi waliambiwa hivyo wakiwa wamechelewa, wakavunjika moyo.

Na nani atoe ile dozi ya saa 6? Mimi nilikataa mwanzoni. Watoto wengine wanaona, wanampa jina.

Mama Zuhura

Samahani kama naharibu uzi. Mwanangu ana miaka 7, ana kifafa, na anatumia fenobabitoni tangu akiwa na miaka 4. Degedege limetulia kabisa, alhamdulillahi, lakini hatulii hata kidogo, anapanda madirisha, walimu wamechoka. Nimesoma hapa nikaona ndiye yeye mtupu. Hii dawa mnayoizungumza inauzwa bei gani, na naweza kuanza na nusu kidonge?

Mama Daktari

Mama Zuhura, hujaharibu chochote, ila tafadhali usianze. Fenobabitoni yenyewe huwafanya watoto wengi wawe watukutu na wakorofi, kiasi kwamba mtu asiyeuliza dawa anazotumia anaweza kuandika ADHD. Jaribu kukumbuka: kabla ya kuanza dawa ya kifafa, alikuwa hivi? Jibu hilo lipeleke kwa anayemtibu, mzungumze kama inafaa kubadilishiwa dawa. Usiikatize wewe mwenyewe hata kwa siku moja, kwa maana kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Mama Zuhura

Hakuwa hivi. Alikuwa mtoto wa kunifuata nyuma nyuma jikoni. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kliniki yetu ni Alhamisi, nitawaeleza.

Mzee wa Duka la Dawa

Niseme la dukani, hili sikosei. Methilifenideti imo katika mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazodhibitiwa, jedwali la pili, kwa hiyo bila cheti cha daktari siitoi, na kila kidonge nakiandika kwenye rejista. Kuna miezi inakosekana mji mzima. Mzazi aambiwe mapema, asije akadhani amenyimwa, na asihangaike kununua kwa mtu wa mtaani. Dozi ikikatika, mtoto atarudi alivyokuwa, basi. Hii si kama dawa ya kifafa. Na ikae mahali penye kufuli. Nimewahi kuletewa kopo lililobaki nusu kabla ya wakati, na aliyekuwa akivimeza ni kaka mwenye mtihani.

Swali langu ni la Ramadhani. Watoto wa miaka 8 na 9 huku hupenda kufunga angalau siku chache. Dozi ya daku itakwisha kabla ya somo la pili. Mnafanyaje?

Mama Daktari

Kwa mtoto ambaye hajabaleghe huwa nawashauri wazazi asifunge siku za shule katika ile miezi ya mwanzo, kwa ajili ya uzito. Kuna vidonge vya kutoa dawa taratibu vinavyoweza kumezwa daku vikafika mchana, lakini bei yake ni mzigo, na havipatikani kila mahali. Wenzangu wengine husimamisha dawa mwezi mzima. Sina jibu moja.

Baba Pacha

Mimi bado siko tayari kumrudishia binti yangu dawa. Lakini naiomba ile ratiba ya mizani, nimwonyeshe mama yake.

Tabibu wa Kisauni

Nimempigia baba simu jioni hii. Nilimwambia kwamba nilimjibu vibaya, na kwamba swali lake lilikuwa la kweli kwa sehemu. Alikaa kimya hata nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza mambo mawili: je, akiona mtoto amezubaa anaweza kuisimamisha yeye mwenyewe bila kuningoja mimi, na je, nikimpima uzito yeye ataiona namba? Nikamjibu ndiyo kwa yote mawili. Hakusema ameridhia. Amesema Jumamosi atamleta mtoto apimwe presha na moyo, "tuandike za mwanzo," kisha atazungumza na mama yake mzazi, ambaye ndiye anayekaa na mtoto alasiri.

Mwalimu, kuhusu dozi ya saa 6, bado sijajua nani ataitoa.